Utarajali wa Mbali Ukiwa Arusha au Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Taarifa ya Kila Siku, Tofauti ya Saa na Kuonekana kwa Timu

Majibu haya yameandikwa kwa kijana aliyepata utarajali kwenye timu iliyo Ulaya au Marekani, naye anafanyia kazi Njiro, Sakina, Soweto ya Moshi au popote pale penye mtandao. Mifano mingi inatoka kwenye timu za programu huria, zile zinazopokea watarajali kupitia mipango kama Outreachy na Google Summer of Code, kwa sababu huko kila kitu huandikwa na mambo huonekana wazi zaidi. Ukiwa mbunifu wa michoro, mfasiri au mchambuzi wa takwimu, badilisha tu vitu vinavyotajwa. Saa na taarifa ni zilezile.

Msimamizi wangu yuko Portland, Marekani. Mimi niko Moshi. Tunakutana saa ngapi hasa?

Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, mwaka mzima. Portland iko saa saba nyuma ya UTC wakati wa kiangazi chao, na saa nane nyuma wakati wa baridi. Kwa hiyo tofauti yenu ni saa 10 au 11, kutegemea msimu.

Ina maana kwamba mwezi Juni, msimamizi wako akifungua kompyuta saa tatu asubuhi kwake, kwako ni saa moja usiku. Akifunga kazi saa kumi na moja jioni, kwako ni saa tisa usiku, majogoo yanakaribia kuwika. Nafasi halisi ya kuongea naye ana kwa ana ni kuanzia saa moja usiku hadi muda wako wa kulala, yaani jumla ya saa mbili au tatu hivi. Huo ndio muda mnaogawana. Muda wote uliobaki mmoja anaandika na mwenzake anasoma baadaye.

Timu ikiwa Berlin mambo ni mepesi mno. Kiangazi mnatofautiana saa moja tu, na wakati wa baridi saa mbili. Siku yao ya kazi inaingia ndani ya siku yako karibu yote, hata unaweza kupata jibu kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki aliye kwenye timu ya Berlin ukautumia kwenye timu ya Portland. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Mbona kikao kimehama saa nzima bila mtu kunitaarifu?

Kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Marekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026, kwa mfano, Marekani walibadilisha tarehe 8 Machi na Ulaya tarehe 29 Machi. Kwa hizo wiki tatu katikati, timu yenye watu wa pande zote mbili huwa na mpangilio wa saa ambao si wa baridi wala wa kiangazi, na hapo ndipo vikao vingi hukosewa.

Mwaliko ulioandikwa kwenye kalenda hufuata saa za aliyeuandaa, kwa hiyo kalenda yako itajirekebisha yenyewe. Kengele uliyoweka kwenye simu kwa mkono haitajirekebisha. Iamini kalenda na uifute kengele. Kwenye Google Calendar kuna mpangilio unaoitwa `Display secondary time zone`. Uwashe, weka eneo la msimamizi wako, na utaona saa zake pembeni ya zako kila siku. Ukiwa kwenye Linux na unataka kuhakikisha saa fulani, amri hii itakuambia saa moja usiku ya kwetu ni saa ngapi kule:

```
TZ=America/Los_Angeles date -d '2026-06-15 19:00 +0300'
```

Nimezoea saa za Kiswahili. Nitaepukaje kuchanganya?

Kichwani endelea kuhesabu ulivyolelewa. Kwenye maandishi ya timu tumia saa 24 na taja eneo, letu likiwa EAT, yaani saa za Afrika Mashariki: "19:00 EAT, sawa na 16:00 UTC". Usiandike namba ya saa peke yake hata siku moja. Mtu aliyezoea saa tatu ya kwetu akisikia "tatu" kwenye kikao cha Wamarekani, anaweza kujiandaa kwa muda usiohusika kabisa, na kukosea huko ni kwa saa sita, sio kwa dakika.

Siku nazo zina mtego wake, na huu huwanasa hata waliozoea. Ukiandika Jumanne saa moja asubuhi kwamba "nitamaliza leo", Portland bado ni Jumatatu usiku. Atakayesoma hajui unasema leo ipi. Tena sisi tunaita "Jumatatu usiku" muda ambao kalenda imeshauhesabu kuwa Jumanne: kikao cha 00:30 ni usiku wa kuamkia Jumanne. Badala ya leo, kesho na jana, andika jina la siku.

Taarifa ya kila siku iandikwe vipi, na itumwe saa ngapi?

Timu nyingi huomba mambo matatu: ulichofanya, kinachofuata, na kinachokukwamisha. Watarajali wengi hujaza sehemu ya kwanza kwa bidii, ya pili kwa haraka, na ya tatu huandika "hakuna". Kwa msimamizi aliye mbali, mpangilio wa umuhimu ni kinyume chake. Akiamka, cha kwanza anachotaka kujua ni kama kuna jambo linalomsubiri yeye.

Taarifa dhaifu husomeka hivi: "Jumatatu niliendelea na kazi ya ripoti. Jumanne nitaendelea nayo. Vikwazo: hakuna." Ukiituma hiyo siku nne mfululizo, msimamizi hajui kama umefika robo au umefika mwisho, na hana cha kukujibu. Hana hata pa kukupongeza.

Ile yenye nguvu ni hii: "Jumatatu: safu ya tarehe sasa inaonekana kwenye ripoti ya wagonjwa, kiungo cha rasimu hiki hapa. Jumanne: nitaandika majaribio ya miezi yenye siku 31. Nahitaji kutoka kwako: uamuzi kama tarehe ianze na siku au na mwaka. Usiponijibu kabla ya Jumanne 08:00 EAT nitatumia mwaka kwanza, kubadilisha baadaye ni kazi ya dakika chache."

Angalia sentensi ya mwisho. Inampa nafasi ya kuamua, lakini haikufungi wewe mikono. Msimamizi akiwa kwenye foleni ya vikao siku nzima, wewe bado unafanya kazi.

Kuhusu muda, tuma kabla tu siku ya msimamizi haijaanza. Kwa Portland wakati wa kiangazi ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, ili iwe juu kabisa anapofungua. Kwa Berlin tuma asubuhi kabla ya saa nne. Kisha usibadilishe muda huo. Msimamizi akishazoea kuikuta kila siku, siku ambayo haipo atajua kuna jambo na atakutafuta, na hilo pekee ni ulinzi mkubwa kwako.

Nikikwama saa tisa alasiri na yeye amelala, nifanyeje?

Hapa ndipo tofauti ya saa inapoumiza, kwa hiyo tuende taratibu na mfano mmoja. Mtarajali yuko Moshi, ni Jumatatu tarehe 15 Juni 2026. Anatengeneza ripoti ya mahudhurio ya kliniki. Majaribio yote yanapita kwenye kompyuta yake, lakini akipandisha kazi, ukaguzi wa seva unakataa jaribio moja.

Njia ya kwanza. Saa tisa alasiri anaandika: "Habari, majaribio yanafeli, naomba msaada." Msimamizi anaisoma saa moja usiku ya Moshi na kujibu: "Jaribio lipi? Nitumie kiungo." Mtarajali ameshafunga kompyuta, yuko jikoni. Anaona ujumbe Jumanne saa mbili asubuhi na kutuma kiungo. Portland ni saa nne usiku ya Jumatatu, mtu amelala. Jumanne usiku linakuja swali lingine: "Kwako yanapita? Ujumbe wa kosa unasemaje?" Jibu lake linasomwa Jumatano usiku. Suluhisho linafika Alhamisi asubuhi. Hakuna aliyezembea hapo. Kila mmoja alijibu mara tu alipoamka, na bado siku tatu zimekwenda.

Njia ya pili. Kabla ya kuandika anatumia nusu saa kukusanya. Anagundua kwamba jaribio linalofeli linahusu mgonjwa aliyeandikishwa saa 01:30 usiku, na kwamba seva inasoma tarehe 2026-06-14 wakati yeye anatarajia 2026-06-15. Kisha anaandika:

"Jaribio `test_tarehe_ya_ziara` linapita kwangu lakini linakataliwa kwenye seva, kiungo cha ukaguzi hiki hapa. Nilitarajia 2026-06-15, seva inatoa 2026-06-14. Nimehakiki kwamba matoleo ya Python ni yaleyale pande zote mbili. Nadhani chanzo ni saa za eneo: kompyuta yangu iko EAT na seva iko UTC, na 01:30 ya kwetu ni 22:30 ya siku iliyotangulia kule. Swali: mradi huu unataka tarehe ihesabiwe kwa saa za kliniki au kwa UTC? Wakati nasubiri naandika maelezo ya mtumiaji, ambayo hayategemei jibu hili."

Msimamizi anajibu mara moja tu, saa moja na nusu usiku: "Saa za kliniki. Zitaje wazi kwenye msimbo, usitegemee saa za mashine." Jumanne saa tatu asubuhi kazi imekwisha. Na kabla ya kuandika ujumbe ule, dhana yake aliipima kwa amri moja inayoifanya kompyuta yake ijione iko UTC:

```
TZ=UTC pytest tests/test_ripoti.py
```

Jaribio likafeli na kwake pia. Kosa unaloweza kuliita kwa mkono wako mwenyewe ni kosa lililokwisha nusu.

Jipimie hivi kabla ya kutuma: je, mtu huyu anaweza kunijibu bila kuniuliza chochote? Kama hawezi, ujumbe haujaiva. Na usijifungie siku nzima kutafuta peke yako kwa kuona aibu. Dakika 30 hadi 60 za kuhangaika kwa dhati zinatosha, kisha andika, ili swali lako liwe limeshafika anapoamka.

Kuingia kwenye shida moja kwa moja bila kusalimiana si utovu wa adabu?

Salamu iache ibaki, ila iwe ndani ya ujumbe uleule. Tatizo ni ile desturi yetu nzuri ya kutuma "Habari za leo" na kungoja mtu aitikie ndipo useme lililokuleta. Kwa jirani pale Kiboriloni ni heshima. Kwa mtu aliye saa kumi nyuma yako, salamu yako inafika akiwa amelala, anaiitikia ukiwa umelala, na siku imepita hamjaongea chochote.

Andika "Habari, natumaini wikiendi ilikuwa njema," kisha mstari unaofuata toa shida yako yote. Utakuta pia wanaitana kwa majina ya kwanza, hata mtu mwenye umri wa mzazi wako. Mfuate anavyojiita mwenyewe. Hakuna anayekuona umekosa malezi.

Jambo moja zaidi kuhusu heshima, nalo ni zito kuliko salamu. Wengi tumefundwa kutomsumbua mkubwa, na kijana akinyamaza mbele ya bosi anahesabiwa mtulivu. Kwenye timu ya mbali ukimya hausomeki hivyo. Wao hawaoni uso wako ukikunja kwa kufikiri. Wanaona nafasi tupu, na wataijaza kwa dhana yao wenyewe.

Nimwandikie msimamizi faragha au kwenye chumba cha wote?

Kwenye chumba cha wote, isipokuwa jambo la afya, fedha, au malalamiko juu ya mtu. Sababu ya kwanza ni saa: swali lililo wazi linaweza kujibiwa na mtu wa Berlin au India ambaye yuko macho wakati msimamizi wako yuko ndotoni. Sababu ya pili ni kwamba watu watano wakikuona unauliza vizuri, tayari wanakufahamu kabla hujakutana nao popote.

Najua inatisha kuuliza mbele ya watu. Kinachopunguza hofu ni kuanza kwa kuandika mambo madogo pale mapema, wiki ya kwanza, kabla hujakwama.

Nitaonekanaje? Je, nibaki na ile taa ya kijani usiku kucha?

Hapana, na nalisisitiza hili. Nimewaona vijana wakikaa macho hadi saa tisa usiku ili tu waonekane wapo, na kesho yake mchana hawana akili ya kuandika mistari kumi iliyonyooka. Taa ya kijani inaonyesha kompyuta imewashwa. Kinachobaki kesho yake ni alama unazoacha.

Alama iliyo bora ni kazi ambayo haijaisha. Usifanye kazi wiki mbili kimyakimya ukangoja iwe safi ndipo uionyeshe. Siku ya kwanza au ya pili ya kila kazi, pandisha kidogo ulichonacho na ukifungue kama rasimu. Kwenye GitHub chaguo lake ni `Create draft pull request`. Juu yake andika nini kimekamilika, nini bado, na ni sehemu gani unataka macho ya mtu. Kila siku ongeza. Msimamizi akiamka anaona kazi imesogea hata kama hamjaongea, na akiona umeshika njia isiyofaa anakuzuia siku ya pili badala ya siku ya kumi na mbili.

Alama nyingine ambayo watarajali huisahau ni kusoma kazi za wengine. Jaribu alichotengeneza mwenzako kwenye kompyuta yako, kisha mwandikie ulichoona: "Nimejaribu kwenye simu yenye kioo kidogo, kitufe cha kuhifadhi kinajificha chini." Huhitaji kuwa fundi kuliko yeye ili kuona hilo, na mtu hamsahau aliyemsaidia.

Halafu chagua siku mbili kwa wiki za kuwa hewani saa moja hadi saa tatu usiku, na uzitangaze. Siku hizo anza kazi mchana badala ya asubuhi. Hiyo inatosha.

Nitajuaje kwamba nimeanza kupotea machoni pa timu?

Dalili huja kimya. Msimamizi anauliza "unashughulikia nini siku hizi?" wakati umekuwa ukituma taarifa kila siku, maana yake taarifa zako hazimwambii kitu. Rasimu yako inakaa siku tatu bila neno la mtu. Kazi uliyodhani ni yako unaikuta mikononi mwa mwingine.

Usingoje tathmini ya katikati. Omba kikao cha dakika 20, na kwenye ombi hilohilo taja saa mbili zinazokufaa kwa EAT na UTC pamoja na maswali mawili: kazi ipi inahitajika zaidi sasa, na taarifa zangu zipunguzwe nini au ziongezwe nini. Baada ya hapo vunja kazi yako vipande vidogo, kila kimoja cha siku moja au mbili, ili rasimu iwe fupi ya kutosha kusomwa na mtu mwenye kahawa mkononi. Mara nyingi rasimu hupuuzwa kwa sababu ni ndefu, wala si kwa sababu ni mbaya.

Umeme ukikatika au mtandao ukifa?

Tatizo lenyewe watalielewa. Wasichoweza kuelewa ni kutoweka bila neno. Weka programu ya mawasiliano ya timu kwenye simu, ukiwa umeshaingia tayari, na uwe na bando dogo kwenye laini ya mtandao tofauti na ule wa nyumbani. Ujumbe uwe mfupi: "Umeme umekatika Sakina saa 14:00 EAT. Betri itadumu saa mbili. Kazi ya asubuhi imeshapandishwa. Kikao cha 19:00 nitaingia kwa sauti tu." Kwenye kikao, zima video, video ya saa moja inaweza kumaliza karibu GB 1, na sauti hula sehemu ndogo tu ya hiyo.

Ili sentensi ya "imeshapandishwa" iwe kweli, fanya `git push` kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga, hata kazi ikiwa mbovu, mradi iko kwenye tawi lako. Rauta ya nyumbani inaweza kubaki hai kwa betri yake ndogo inayouzwa madukani. Ukiwa unalipwa posho, inunue mapema.

Kuna pia siku ambazo mtandao unakwenda kwa wote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikateseka. Oktoba 29 mwaka 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kwa hali kama hizo laini mbili hazisaidii. Wiki ya kwanza kabisa mpe msimamizi namba yako ya simu ya kawaida na uchukue yake, mkubaliane kwamba kukiwa kimya siku nzima SMS itatumika. Hifadhi pia nyaraka za mradi kwenye kompyuta, ili uendelee kuandika bila mtandao.

Nyumbani wananiona nimekaa tu, wananituma dukani katikati ya kikao.

Ongea na mama au shangazi siku ambayo hakuna kikao. Usiseme "niko bize", taja siku na saa: "Mama, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku niko kazini, baada ya hapo nitaosha vyombo." Bandika saa hizo mlangoni. Watu wa nyumbani huheshimu ratiba waliyoelezwa.

Sikukuu zetu na zao hazifanani. Nifuate zipi?

Uliza wiki ya kwanza, kwa sababu kila mpango una utaratibu wake. Kisha weka kwenye kalenda ya timu zile unazopumzika, kama Saba Saba na Nane Nane. Kwa Idi andika siku mbili zinazowezekana, ukieleza kwamba inategemea kuandama kwa mwezi na kwamba utathibitisha usiku wa kuamkia sikukuu. Nao waulize zao: Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani wengi hawapo, na mara nyingi Ijumaa yake pia, kwa hiyo swali lolote linalohitaji jibu lifike kwao mapema, ikiwezekana Jumanne jioni.